Picha ya Mita Imepotea: Kuandika Upya Tarakimu na Tarehe ili Hesabu ya Umeme Ikaguliwe

Ukigundua kwamba picha ya mita uliyopiga mwezi jana haipo tena, nenda kwenye mita leo hii, kabla hujaingiza tokeni nyingine, uandike unachokiona. Usikimbilie kukumbuka picha ile ilisema nini. Usomaji wa leo ndio pekee ulio na uhakika nao, na ukiwa nao pamoja na jumbe za manunuzi, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi karibu na siku ya picha iliyopotea.

Huku kwetu picha hupotea sana. Mtu anapanga Katoro miezi mitatu, anasikia kuna rashi Rwamgasa, anahama na simu yake, na simu yenyewe inaishia kwenye maji ya mwalo au mikononi mwa mtu mwingine. Laini hurudishwa kwa alama za vidole, lakini picha na jumbe za zamani hazirudi nayo. Wakati huohuo mita imebaki kwenye nguzo, na rimoti yake ukutani, zikiendelea kuhesabu.

Shauri ninalolifuata hapa ni lile linalosumbua nyumba nyingi za Kahama, Shinyanga mjini na Geita: "Kwa nini elfu kumi yangu inanipa uniti 28 au pungufu, na jirani anapata karibu mara tatu?" Bei ambazo EWURA iliidhinisha kuanzia 1 Aprili 2016 zinatenga kundi la D1, yaani nyumba zinazotumia kwa wastani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambazo hulipa shilingi 100 kwa uniti, na kundi la T1, matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya T1 inafika shilingi 356.24, na elfu kumi ukiigawa kwa hiyo unapata 28.1. Anayedai kwamba anastahili D1 anadai jambo moja tu: kwamba wastani wake wa mwezi hauzidi 75. Wastani huo hutoka kwenye masomo mawili ya mita na siku zilizopita kati yake. Ukikosea tarakimu au ukikosea tarehe, dai zima linabadilika.

Mita ya LUKU hutunza namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni uniti zilizobaki, ile inayopungua kila saa na ambayo wengi huipiga picha. Ya pili ni jumla ya uniti zilizotumika tangu mita ifungwe. Hii haipungui kamwe. Namba ya kuita jumla hiyo kwenye rimoti hutofautiana kulingana na kiwanda kilichotengeneza mita, hivyo angalia maelezo yaliyobandikwa au yaliyokuja na rimoti, au muulize fundi wa TANESCO wa wilaya yako. Mita nyingine hupitisha namba zenyewe moja baada ya nyingine. Hapo tazama alama iliyo pembeni ya tarakimu. Ikiwa V, hiyo ni volti, kama 231. Ikiwa A, ni mkondo. Ikiwa kW bila h, ni mzigo wa dakika ile. Unayoitaka ina kWh. Nimeona madai yaliyoandikwa "uniti 231" kwa sababu mtu alinakili volti.

Andika namba zote mbili, iliyobaki na iliyotumika, kwa dakika ileile. Ukijumlisha hizo mbili unapata uniti zote zilizowahi kuingizwa kwenye mita ile. Jumla hiyo haibadiliki kwa kutumia umeme: inayotoka upande wa kubaki inahamia upande wa kutumika. Inabadilika tokeni inapoingia tu. Kwa anayetafuta somo lililopotea, huu ndio mlango.

Kuhusu tarakimu zenyewe, kioo cha mita huunda kila namba kwa vijiti saba. Kijiti kimoja kikifa, 8 inageuka 0, 6 au 9. Mita nyingi huwasha vijiti vyote kwa muda mfupi zinapojipima, na kioo kinajaa 8. Kama mojawapo haikukamilika, jua nafasi hiyo haiaminiki na uiandike hivyo. Nakili na nukta ya desimali pale ilipo. Sifuri za mwanzo usizitupe, kwa sababu ndizo zinazomwambia mkaguzi kioo kina nafasi ngapi. Kisha mwombe mtu mwingine akusomee kwa sauti, tarakimu moja moja, wewe ukifuata kwenye karatasi. Si "elfu nne mia tatu na sita", bali "nne, tatu, sifuri, sita, nukta, tisa".

Namba ya mita ina kinga yake. Mita za LUKU hutumia utaratibu wa kimataifa wa STS, na katika namba ya tarakimu 11 tarakimu ya mwisho si sehemu ya namba ya kiwanda. Imewekwa ili kukamata makosa ya kunakili. Ukaguzi unafanyika kwa kalamu. Chukua tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, ya nane na ya kumi, uzidishe kila moja kwa mbili. Ikizidi 9, toa 9. Jumlisha hizo pamoja na tarakimu nyingine zote kama zilivyo. Jibu lazima liishie na sifuri. Kwa namba ya kubuni 01234567897, tarakimu za nafasi hizo ni 1, 3, 5, 7 na 9, ambazo zinakuwa 2, 6, 1, 5 na 9, jumla 23. Zilizobaki, 0, 2, 4, 6, 8 na 7, zinafanya 27. Jumla ni 50, namba inakubali. Ukiwa umeandika kwa bahati mbaya 01234576897, sita na saba zimebadilishana, utapata 49, na utajua kuna kosa kabla ya kwenda ofisini. Kosa moja la kubadilishana linapita bila kuonekana: 09 kuwa 90. Hilo liangalie kwa macho.

Usomaji wa uniti hauna tarakimu ya kinga, ndiyo maana unahitaji kulinganishwa na manunuzi. Ujumbe wa LUKU unaokuja baada ya kulipa una tokeni ya tarakimu 20, idadi ya uniti, gharama, makato ya VAT, EWURA na REA, deni kama lipo, jumla uliyolipa, na mwishoni tarehe na saa. Kama jumbe zimepotea na simu, kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala yako, ambayo ina tarehe na kiasi, na TANESCO ina kumbukumbu ya manunuzi ya kila mita.

Sasa tuifanye kazi kwa mfano mmoja, wenye namba nilizotunga mimi. Mama mmoja anapanga Katoro, nyumba ina friji, televisheni na taa. Alipiga picha ya mita mwanzoni mwa Machi, simu ikapotea. Tarehe 14 Aprili 2025 asubuhi anasoma mita: zilizotumika 4,306.9, zilizobaki 6.2. Jumla iliyowahi kuingizwa ni 4,313.1.

Manunuzi yake aliyoyapata upya ni manne, kila moja la shilingi 10,000: tarehe 9 Machi uniti 23.9, tarehe 17 Machi 28.1, tarehe 27 Machi 28.1, na tarehe 5 Aprili 23.9. Mawili ni pungufu kwa sababu ununuzi wa kwanza wa mwezi ulikatwa kodi ya jengo ya shilingi 1,500. Zilizobaki 8,500 ukizigawa kwa 356.24 unapata 23.9. Ni vizuri kuliandika hilo pembeni, maana mtu asiyejua huona uniti 23.9 akadhani bei imepanda tena. Jumla ya manne ni 104.0.

Toa 104.0 kwenye 4,313.1, inabaki 4,209.1. Hiyo ndiyo jumla iliyokuwa imeingizwa kabla ya ununuzi wa 9 Machi. Anakumbuka vizuri kwamba siku ile umeme ulikatika kabisa kwa kuisha uniti, na ndipo alipotuma mtoto dukani. Uniti zikiisha, zilizobaki ni sifuri, kwa hiyo zilizotumika ni zilezile zilizoingizwa: 4,209.1. Kukatika kwa umeme kumempa somo kamili la mita, na siku yake imeandikwa kwenye ujumbe wa ununuzi. Picha ya mwanzoni mwa Machi hairudi, na hana sababu ya kuilazimisha. Ahamishie mwanzo wa hesabu yake kwenye 9 Machi.

Matumizi tangu hapo ni 4,306.9 kutoa 4,209.1, yaani 97.8. Kutoka 9 Machi hadi 14 Aprili ni siku 36. Kwa siku ni uniti 2.72, kwa mwezi wa siku 30 ni 81.5. Amezidi 75. Jibu si alilolitarajia, lakini sasa analijua: anahitaji kushusha karibu uniti 7 kwa mwezi, na kwa nyumba yake friji ndiyo ya kuanza kuitazama, mpira wa mlango kwanza.

Angalia tarehe inavyoweza kumdanganya. Kama angedhani umeme uliisha 5 Machi, siku zingekuwa 40 na wastani 73.4. Siku nne tu zingemfanya aonekane anastahili D1, aende ofisini na kilio kisicho na msingi, na mkaguzi akifungua kumbukumbu ya ununuzi angeona tarehe tofauti.

Somo la 4,209.1 halikusomwa na jicho la mtu. Limekokotolewa kwa kudhani kwamba tokeni zote nne ziliingia. Kwa hiyo linafaa kupima wastani, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba tokeni fulani haikuingia, kwa sababu limejengwa juu ya jambo lilelile unalotaka kulipima. Mwenye shauri la tokeni iliyopotea anahitaji somo la kale lililoonwa kwa macho. Lipo mahali pengi zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Katika nyumba ambazo wapangaji wanachangia mita, mwenye nyumba huwa na daftari. Picha uliyomtumia mpangaji mwenzako kwa WhatsApp bado imo kwenye simu yake. Fundi aliyekuja kutazama rimoti aliandika kitu.

Tuseme daftari la mwenye nyumba, tarehe 20 Machi, linasema zilizotumika 4,238.8, zilizobaki 22.3. Jumla ni 4,261.1. Leo jumla ni 4,313.1. Tofauti ni 52.0, na manunuzi yaliyofanyika baada ya 20 Machi ni 28.1 na 23.9, ambayo nayo ni 52.0. Tokeni zote mbili ziliingia. Shauri hilo limekwisha. Kama tofauti ingekuwa 23.9 tu, ile ya 27 Machi haikuingia, na hapo ana dai zuri. Pengo lililolingana na tokeni nzima hujieleza lenyewe. Pengo la 0.1 au 0.2 ni desimali zilizozungushwa, liache. Pengo lisilofanana na ununuzi wowote mara nyingi ni kosa la kunakili. Kwa mfano, ukiandika 4,360.9 badala ya 4,306.9 unapata pengo la 54. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, pengo hugawanyika kwa 9 bila baki, na hiyo ni njia ya wahasibu ya tangu zamani ya kujua wapi pa kutazama kwanza.

Tarehe na saa vinahitaji uangalifu wao, hasa kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia machweo na macheo. Ujumbe wa LUKU huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na saa kwa mtindo wa saa 24: 2025-04-05 19:49. Hiyo ni tarehe 5 Aprili, saa 1:49 usiku. Mtu akiandika "saa 7:20" bila neno lingine, inaweza kuwa asubuhi ya saa moja kwenye simu au saa saba mchana kwa mdomo. Andika vyote viwili: "saa 1:20 asubuhi (07:20)". Usiandike 9/3 wala 3/9. Andika mwezi kwa jina. Na ukisema "usiku wa tarehe 9" kwa tukio la baada ya saa sita usiku, mita na simu tayari ziko tarehe 10. Kwa nyumba inayokula uniti tatu kwa siku kosa hilo ni dogo, ila likigusa ununuzi wa kwanza wa mwezi, wenye makato ya kodi, litaleta mabishano.

Ukishakuwa na haya, yaandike upya kwenye karatasi moja au ujumbe mmoja, kila namba ikiwa na asili yake:

Namba ya mita: (tarakimu 11, imekaguliwa)
Mahali: Katoro, nyumba ya kupanga, mita ina jina la mwenye nyumba
14 Aprili 2025, saa 1:20 asubuhi (07:20): zilizotumika 4,306.9; zilizobaki 6.2. IMESOMWA, picha ipo
20 Machi 2025: zilizotumika 4,238.8, zilizobaki 22.3. IMENAKILIWA kutoka daftari la mwenye nyumba
9 Machi 2025, kabla ya kuingiza tokeni: zilizotumika 4,209.1, zilizobaki 0. IMEKOKOTOLEWA kwa manunuzi
Picha ya mwanzoni mwa Machi: imepotea
Ninachoomba kikaguliwe: kundi la bei

Maneno yale matatu, imesomwa, imenakiliwa, imekokotolewa, ndiyo yanayomwezesha ofisa kukuamini. Akiona namba ya kukokotolewa imewekwa kama iliyosomwa, na ikatofautiana kidogo na kumbukumbu yake, atakuwa na haki ya kutilia shaka karatasi nzima. Usihariri picha ya leo kuonyesha tarehe ya zamani, na usipige picha ya picha kwenye simu nyingine bila kusema imetoka wapi. Tokeni za tarakimu 20 nakili kwa vikundi vya nne nne kama zilivyo kwenye ujumbe. Tokeni moja ni ya mita moja, na iliyokwisha kutumika mita huikataa ukiirudia, kwa hiyo kuziambatanisha hakukupotezei kitu. Namba ya siri ya simu yako ya fedha haihitajiki popote katika shauri hili.

Mpangaji aende na mwenye nyumba au barua yake, kwa kuwa mteja anayejulikana na shirika ni yule mwenye jina kwenye mita. Anza ofisi ya TANESCO ya wilaya, uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko na uiandike na tarehe. EWURA hupokea malalamiko ya mteja ambaye kwanza amempa mtoa huduma nafasi ya kuyashughulikia, hivyo namba hiyo ya kwanza utaihitaji.

Wenye makarasha na vinu vikubwa vya mpunga, wale ambao wastani wao unapita uniti 7,500 kwa mwezi na wako T2, wana jambo moja la ziada. Mita yao haipitishi mkondo wote. Inapitishiwa sehemu yake na vipunguza mkondo, na usomaji huzidishwa. Kipunguza kilichoandikwa 200/5 kina kizidishio cha 40. Tarakimu ikikosewa kwa uniti 10 kwenye kioo, ankara inakosea kwa uniti 400, na kwa bei ya shilingi 195 ya agizo lile la 2016 hiyo ni shilingi 78,000 kabla ya kodi. Kwa hiyo kizidishio kiandikwe kwenye kila nakala, kikiwa kimesomwa kwenye kibao cha kipunguza chenyewe na kulinganishwa na kilicho kwenye ankara. Kipimo cha kilele cha mzigo, kile cha kVA kinacholipiwa kila mwezi, hufutwa na kuanza upya siku ya kusoma mita, na hakuna hesabu ya manunuzi inayoweza kukirudisha. Picha yake ikipotea, mwombe msomaji wa mita afungue kumbukumbu za miezi iliyopita ndani ya mita. Mita nyingi za kielektroniki za daraja hilo huzihifadhi, kila moja na tarehe yake, na unaweza kuzinakili ukiwa umesimama naye palepale.